Jumamosi Yetu, Jumatatu Yao

Sisi watu wa pwani tuna hesabu yetu ya siku, na wengi wetu hatukumbuki kuwa ni hesabu mpaka tukutane na mtu mwenye yake. Ijumaa ni siku ya mkusanyiko, nayo ikipita ndipo tuanzapo upya: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni ya tatu, hata tufike Jumatano, ya tano. Kisha yaja Alhamisi, ambayo nayo maana yake ni ya tano, ila kwa Kiarabu, na hivyo wiki yetu ina tano mbili wala hapana aliyelalamika. Siku yenyewe kwetu haianzi saa sita za usiku. Huanza jua likichwa. Mzee akikwambia uje maulidi usiku wa Ijumaa, ujue akutaka Alhamisi baada ya Isha. Mgeni asiyejua hufika kesho yake akakuta mikeka imekunjwa na biriani imekwisha.

Sikuyaleta haya kwa ajili ya wanazuoni wa lugha. Nimeyaleta kwa sababu ya mpwa wangu, kijana wa Mji wa Kale hapa Mombasa, aliyekwenda Uingereza Septemba 2025 kusoma shahada ya uzamili katika mji wa Leicester. Mamake, dadangu, aliuza dhahabu zake za arusi ili ada ilipwe, na kodi ya chumba cha kijana ikabaki kutafutwa huko huko. Akatafuta kazi ya mwisho wa wiki. Akaipata mapema kuliko tulivyotaraji, kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Na hapo hesabu ya siku, ambayo barazani kwetu ni maneno ya kupitishia kahawa, ikawa jambo la kumfanya mtu asome au arudishwe kwao.

Sheria yenyewe kwa maneno ni fupi. Mwenye viza ya mwanafunzi kule, akiwa asoma shahada ya kwanza au ya juu yake kwa muda wote katika chuo kikuu chenye idhini, aruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Asomaye masomo ya chini ya shahada ana saa 10. Anayesoma kwa muda nusu hana hata saa moja. Likizo ya chuo ikifika, yule wa saa 20 aweza kufanya kazi kutwa nzima kama mtu mwingine. Kila nchi ina mpango wake; Australia huhesabu majuma mawili mawili, saa 48 kwa jumla, kwa hiyo kijana akiwa na rafiki kule asikubali kufundishwa naye. Uingereza haina habari ya kukusanya na kugawa. Ukifanya saa 10 wiki hii na 30 wiki ijayo, hukufanya wastani wa 20. Umefanya wiki moja ya halali na wiki moja ya kuvunja sheria.

Sasa, wiki ni nini? Hapo ndipo penye neno. Serikali ya Uingereza imeitaja wazi: ni siku saba zinazoanza Jumatatu. Basi Jumamosi na Jumapili, ambazo kwetu ni kichwa cha wiki, kwao ni mkia. Na siku yao hubadilika saa sita za usiku, si Magharibi. Usiku tuuitao sisi usiku wa Jumatatu, kwao ni Jumapili mpaka saa sita. Baada ya hapo huwa Jumatatu, na pamoja na siku imegeuka wiki. Mtu aliye kazini usiku huo huingia zamuni katika wiki moja akatoka katika wiki nyingine, hali kiti alichokalia ni kile kile.

Nitaeleza zamu za mpwa wangu kama zilivyokuwa, kwani mfano huu wanifaa kuliko maelezo.

Zamu ya usiku pale huanza saa tatu za usiku ikaisha saa moja ya asubuhi. Ni saa 10. Alipewa usiku mbili, Jumamosi na Jumapili, naye akaona mambo yamekaa sawa: mbili mara kumi ni ishirini, ndicho kiasi cha viza. Alianza Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025. Usiku ule wa kwanza wote uliangukia wiki moja, saa 10 kamili. Usiku wa Jumapili ulikatika vipande viwili: saa tatu mpaka saa sita, yaani saa 3, zikaingia wiki inayokwisha, na tangu saa sita mpaka asubuhi, saa 7, zikaingia wiki mpya. Kwa hiyo wiki ya kwanza alifanya saa 13 tu, ingawa yeye alidhani ni 20. Wiki ya pili, ya tarehe 6 hadi 12, alikuwa na zile 7 za alfajiri ya Jumatatu, na 10 za Jumamosi, na 3 za Jumapili. Jumla 20. Hapo hesabu yake na hesabu ya serikali zikakutana, lakini kwa njia mbili mbali mbali, na ndiyo maana hakushuku kitu.

Wiki ya tatu msimamizi akamwendea kwa upole. Kuna mtu mgonjwa. Je, wikiendi hii waweza kufanya Ijumaa na Jumamosi badala ya Jumamosi na Jumapili? Ombi halina ubaya. Usiku mbili kwa usiku mbili, hakuna kilichoongezwa. Msimamizi mwenyewe, ambaye si mwanafunzi wala si mgeni, hakuona tofauti. Lakini hebu tuhesabu. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 13 kijana alikwisha fanya saa 7 zilizobaki za zamu ya Jumapili. Usiku wa Ijumaa tarehe 17 ungeongeza 10. Usiku wa Jumamosi tarehe 18 ungeongeza 10 nyingine. Jumla 27. Saa 7 za haramu, na mtu asema hakuongezewa zamu hata moja!

Kilichomwokoa ni daftari. Tangu siku ya kwanza alikuwa na kijidaftari cha mfukoni ambamo kila ukurasa ni wiki moja, Jumatatu juu na Jumapili chini, na kila zamu ameiandika kwa saa ya kuingia na ya kutoka. Penye zamu ya kukata usiku hupiga mstari katikati, saa za kabla ya saa sita akaziandika ukurasa huu na za baadaye akazipeleka ukurasa wa pili. Alipofungua ukurasa wa tarehe 13 akakuta 7 zimekaa pale juu zamngoja. Akanipigia simu.

“Mjomba, kumbe Jumatatu alfajiri nimeshatumia thuluthi ya wiki nami sijaanza kuisoma!”

Alimjibu msimamizi kwamba aweza kufanya Ijumaa peke yake. Akafanya saa 17 wiki ile. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kilichowekwa Aprili 2025, kilikuwa pauni 12 na peni 21 kwa saa, na wiki ya saa 20 ilimpa pauni 244 na peni 20 kabla ya makato. Saa 3 alizozikosa zilikuwa pauni 36 na peni 63. Msimamizi hakukasirika. Mwajiri wa kule ana sababu zake za kuogopa: tangu Februari 2024, anayeajiri mtu kinyume cha ruhusa yake aweza kutozwa faini ya hadi pauni 45,000 kwa kila mtu kwa kosa la kwanza. Ndiyo sababu kabla ya kumwajiri kijana walimtaka nambari ya kuangalizia ruhusa yake katika tovuti ya serikali. Kadi za plastiki walizokuwa nazo wageni zamani muda wake ulikwisha mwisho wa mwaka 2024, na siku hizi kila kitu ki katika mtandao. Wakamtaka pia hati ya chuo yenye tarehe za mihula. Kijana akisema “viza yangu hainiruhusu” husikizwa mara moja. Anayenyamaza ndiye apatao taabu, kwani mwajiri hajui kama mfanyakazi wake ana kazi ya pili mahali pengine, na zile saa 20 ni za kazi zote kwa pamoja.

Lipo jambo jingine la usiku ambalo ni la ajabu zaidi, na kwa sisi tunaokaa karibu na istiwai, ambapo jua ni lile lile mwaka mzima, lasikika kama hadithi. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ikifika saa nane za usiku, yatangazwa kuwa ni saa saba tena. Mwaka 2025 ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 26. Aliyeingia zamuni saa tatu za usiku wa Jumamosi akatoka saa moja asubuhi, saa ya ukutani yasema kafanya 10, na miguu yake yasema 11. Mpwa wangu wiki ile ilimpita salama, maana Jumapili iliyotangulia hakufanya kazi, hivyo Jumatatu yake ilikuwa tupu; alikuwa na 11 na 3 tu. Lakini mwenzake wa zamu, mwanafunzi wa Kinaijeria aliyeshika Jumamosi na Jumapili zake bila kubadilisha, alikuwa na 7 za Jumatatu, 11 za Jumamosi, na 3 za Jumapili. Hiyo ni 21. Walizihesabu pamoja jikoni, wakingoja chai, na yule Mnaijeria akaomba Jumapili ile aingie saa nne badala ya saa tatu. Akaruhusiwa. Mwezi wa Machi mambo hugeuka, saa husogezwa mbele na zamu huwa ya saa 9, lakini hapo hapana hatari.

Mtu ataniuliza, basi si achague Ijumaa na Jumamosi moja kwa moja, usiku zote mbili ziwe ndani ya wiki moja? Ni shauri jema, na ndilo nililompa. Hakuna zamu itakayovuka ile saa sita ya Jumapili, na sala ya Ijumaa itakuwa imekwisha zamani atakapoingia kazini. Lakini hata hapo zile 20 ni kikombe kilichojazwa hadi ukingoni. Mwenzako wa asubuhi akichelewa kwa mvua, nawe ukamngojea robo saa kwa kuwa wazee hawawezi kuachwa peke yao, umevuka. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni aliwaambia waweke mkataba wa saa 16 au 18, zilizobaki ziwe za ajali. Mpwa wangu sasa ana zamu mbili za saa 9. Alinung’unika wiki mbili, kisha akazoea.

Haya yote ni ya saa. Wengi wadhani mambo yaishia hapo: kwamba mwenye saa 20 aweza kuzijaza kwa lolote la halali. Nami nilikuwa nikisikia hivyo barazani, kwa watu waliokaa Ulaya miaka. Kumbe viza ile ina mlango wa pili uliofungwa, na huo haujali saa. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufanya biashara. Hata kwa saa moja. Hata kwa pauni tano.

Kwa Mswahili hili ni gumu kuliko lile la kwanza, kwa kuwa riziki zetu ndogo ndogo karibu zote ni za namna hiyo. Tazama alivyojiwa kijana katika miezi yake mitatu ya kwanza. Mama mmoja aliyehamia huko zamani alionja mahamri yake siku ya futari ya Sunna, akataka amkaangie mia mbili za arusi, kwa malipo. Kukaanga ni kazi ya Jumamosi moja asubuhi. Lakini anayenunua unga, akakaanga kwa mafuta yake, akauza kwa bei aliyoipanga yeye, huyo ni mfanyabiashara, na viza yamkataza. Angeajiriwa na mwenye mkahawa akaange hayo hayo mahamri kwa mshahara wa saa, pasingekuwa na neno; tofauti haimo katika mahamri.

Kisha kazi ya ukalimani. Kule hospitali na ofisi za serikali huhitaji wakalimani wa Kiswahili, maana wako Wakongomani, Warundi, Wasomali wa Barawa na watu wetu wenyewe. Malipo yake ni mazuri kuliko ya nyumba ya wazee. Wakala mmoja alifurahi mno kumpata kijana mwenye Kiswahili safi na Kiingereza cha chuo kikuu. Akamtumia fomu. Katika fomu palikuwa na mambo mawili ambayo kila msomaji mwenye mtoto huko ayaweke akilini: wakala alimtaka aandike nambari ya mlipa kodi aliyejiajiri, na alimtaka kila mwisho wa mwezi apeleke ankara. Mtu anayepeleka ankara ni mtu anayejiuzia kazi yake mwenyewe. Mwajiriwa hapeleki ankara. Hupewa karatasi ya mshahara, kodi imekwisha katwa, na siku za likizo zake zimehesabiwa humo. Kijana akawauliza kama waweza kumwajiri kama mfanyakazi. Wakasema hawana utaratibu huo. Akaiacha fomu, na roho yamuuma, kwani alikwisha piga hesabu ya nauli ya kuja nyumbani.

Wapanda baiskeli wapelekao vyakula majumbani nao wamo humo humo, kwa kawaida. Kampuni huwaita watu waliojiajiri, hivyo mwanafunzi hana ruhusa. Wapo wanaowakodisha vijana akaunti zao, huyu amesajiliwa na yule ndiye apandaye baiskeli, mwenye jina akachukua sehemu ya pato. Mwanafunzi akikamatwa hapo makosa yamekuwa mawili, na hana hata karatasi ya kuonyesha alifanya saa ngapi. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2016 ilifanya kazi ya bila ruhusa kuwa jinai, na pato lake laweza kutwaliwa na serikali. Viza nayo yaweza kufutwa, na jina likabaki katika kumbukumbu zao kwa kila ombi atakaloleta baadaye.

Madrasa ilinipa kazi ya kufikiri, nami nakiri nilitumaini jawabu jingine. Kijana amehitimu msahafu mikononi mwa marehemu babake, na sauti anayo. Wazazi wa huko walitaka awasomeshe watoto wao Jumapili asubuhi, kila nyumba impe bahasha yake. Bahasha hizo, zikitoka kwa kila mzazi kwa mapatano yake, ni malipo ya mtu aliyejiajiri, hata ikiwa kinachofundishwa ni Juzuu Amma. Kamati ya msikiti ikimwajiri kwa mkataba na karatasi ya mshahara, yafaa, na saa hizo zaingia daftarini pamoja na za wazee. Zikiwa za kutayarisha somo zalipwa, nazo zahesabiwa. Na je, akisomesha bure? Hapo pana tofauti ambayo Kiswahili chetu hakina maneno mawili ya kuitenga. Akiwa amefungwa na ratiba na wajibu kama mfanyakazi, ila halipwi, saa zake zahesabiwa vile vile. Akiwa ajitolea kwa jumuiya ya hisani, bila mkataba, bila kuchukua nafasi ya mtu wa mshahara, na hapewi ila nauli na chakula cha siku ile, hiyo si kazi machoni mwa sheria. Mwishowe alikubali kwenda hivyo: kila Jumapili anapoweza, kwa thawabu na nauli ya basi.

Lililoniuma mimi zaidi ni la udi. Kijana apiga udi, si kwa umahiri mkubwa, lakini apiga. Kikundi cha taarabu cha watu wetu wa huko kilimtaka katika arusi moja Desemba, wakampa ahadi ya pauni 80 kwa usiku mmoja. Ilikuwa likizo ya chuo, wakati ambao saa hazina mpaka, naye akaona safari hii hakuna wa kumzuia. Kumbe upo mstari wa tatu. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi ya utumbuizaji, yaani mwimbaji, mpiga ala, mchezaji ngoma, mwigizaji. Likizo haibadilishi kitu. Vivyo hivyo michezo ya kulipwa na kufunza michezo. Mimi niliyelipwa kwa beti za arusi tangu sina ndevu, nilipoambiwa hayo nilinyamaza kidogo. Akaenda arusini kama mgeni, akala pilau, akakaa nyuma akimsikiliza mwingine anayepiga udi, na kwa maneno yake, “mjomba, alikuwa akikosea maqam.”

Nimesema juu ya likizo, na kuna fundo moja ndani yake kwa hawa wa uzamili. Watoto wetu wakiona Juni wenzao wa shahada ya kwanza wamefunga, wakaanza kazi za kutwa, nao hudhani wamefunga. Sivyo. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa kawaida huendelea mpaka Septemba. Darasa zimekwisha lakini tasnifu yaandikwa, na muda wa kuandika tasnifu ni muhula. Krismasi na Pasaka ni likizo kama chuo kimeziandika hivyo katika tarehe zake. Kiangazi, kwao, si likizo. Kijana aliyefanya saa 40 mwezi wa Julai kwa kuwa chuo kilikuwa kimya amevunja sheria kila wiki ya mwezi huo, na karatasi zake za mshahara ndizo ushahidi. Njia ya kujua ni kuomba chuo barua yenye tarehe ya mwisho ya kozi, na kuisoma kabla ya kumwahidi mwajiri lolote. Ikishapita tarehe hiyo, na viza ikiwa bado hai, hapo aweza kufanya kazi kutwa.

Dadangu ameelezwa haya yote mapema, kwa utaratibu, kalenda ukutani na kalamu nyekundu mkononi. Tumemwekea alama wiki za Krismasi zilizompatia kijana pesa zaidi, na za Pasaka, na tukamwonyesha Juni, Julai na Agosti, ambazo pesa zake zitakuwa zile zile za saa 18. Aliniuliza kwa nini kalenda ile imeanza na Jumatatu. Nikamwambia tuliinunua kwa ajili hiyo.